Laptopu Imeibwa Pamoja na Begi: Ilikuwa Imezimwa ama Imelala Tu?

Hii ndiyo hotuba kuhusu kulinda vitu vilivyo ndani ya laptopu ikiibwa, niliyoitoa Jumamosi hapa Kisumu mbele ya makarani wa data, walimu na waweka hazina wa vyama. Wengi mlizuiwa na mvua mkaniomba niiweke yote, basi hii hapa, nimeacha tu zile picha za ukutani.

Hamjambo ndugu zangu? Asanteni kwa kufika, na nyinyi mliotoka Ahero na Maseno na barabara ikiwa vile ilivyo leo asubuhi, asanteni zaidi.

Wacha nianze na swali. Ni nani hapa akifungua laptopu yake inamuuliza paswadi? Inueni mikono. Karibu wote. Sasa ni nani anaamini mwizi akiichukua hiyo laptopu bila kujua paswadi, vitu vyake viko salama? Naona mikono bado iko juu. Haya, mama pale mbele, nipatie laptopu yako dakika tano tu, na wewe mwenyewe usimame hapa kando yangu uone kila kitu ninafanya.

(Alinipa. Niliingiza flashi yenye Ubuntu, mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta bila Windows, nikaiwasha laptopu nikibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, nikachagua ile flashi. Baada ya kama dakika tatu Ubuntu ikasimama kwa skrini, nikafungua diski yake, folda ya Documents, na barua aliyokuwa ameandikia shule ikatokea hapo mbele ya watu wote. Nikaifunga haraka.)

Mmeona? Sijauliza paswadi, sijabahatisha paswadi, sijavunja kitu. Ile paswadi ni ya Windows, na mimi sikupitia kwa Windows hata kidogo. Windows ni kama askari amesimama kwa geti la mbele, sasa kama ukuta wa nyuma haupo mimi nahangaika na geti ya nini? Na hata kama singekuwa na flashi, fundi yeyote anaitoa hiyo diski kwa bisibisi, anaitia ndani ya kava ya USB, anachomeka kwa laptopu yake, inafunguka kama flashi ya kawaida.

Ukuta wa nyuma ndio kusimba diski. Yaani kila kitu kinachoandikwa kwa diski kinavurugwa kwanza kwa ufunguo, na kikisomwa kinarudishwa sawa kwa ufunguo huohuo, wewe unayetumia huoni tofauti, lakini mwenye diski bila ufunguo anaona takataka tupu kuanzia mwanzo wa diski hadi mwisho. Kwa Windows hiyo kazi inafanywa na BitLocker, kwa Mac ni FileVault, kwa Linux ni LUKS. Leo nitakaa kwa Windows kwa sababu nimepita hizo meza nikaona karibu zote ni Windows.

Na nataka niseme hili wazi kabla sijaanza kuonyesha mashimo, ili mtu asitoke hapa akisema huyu alituambia kusimba hakusaidii. Kunasaidia. Laptopu iliyosimbwa vizuri na ikawa imezimwa kabisa wakati inaibwa, yale mambo niliyomfanyia mama hapa hayawezekani. Flashi ya Ubuntu itaona diski iko, itaona ukubwa wake, lakini itauliza ufunguo. Kava ya USB vilevile. Ufunguo wenyewe kwa kawaida ni wa biti 128, na hakuna mtu wa kuubahatisha, awe mwizi wa steji ama mtu mwenye jumba zima la kompyuta. Anachopata ni chuma na plastiki, anafuta anauza.

Lakini sikieni maneno niliyotumia: imesimbwa *vizuri*, na *imezimwa kabisa*. Hapo ndipo watu wanaumia.

Kuna dada mmoja, sitamtaja wala mahali anapofanya kazi, karani wa data kama wengi wenu hapa. Laptopu yake ilisimbwa na watu wa ofisi, alipewa tayari. Asubuhi moja alikuwa anaenda Nakuru kwa mkutano, akapanda matatu hapa Kisumu, na kwa sababu gari ilikuwa inangoja abiria akatoa laptopu akamalizia orodha ya wagonjwa anaowafuatilia, majina, namba za simu, tarehe za kliniki. Makanga akapiga kelele gari inaondoka, dada akafunga kifuniko, akatia begi. Umeona hapo? Alifunga kifuniko. Hakuzima. Gari ilisimama Kericho watu wanyooshe miguu wanywe chai, na aliporudi kwa kiti, begi haiko.

Alipiga simu ofisini akilia, na jibu alilopewa ni tulia, ile laptopu imesimbwa, hakuna kitu wataona.

Je, hiyo ilikuwa kweli? Twende polepole, kwa sababu hapa ndipo kiini cha maneno yangu yote ya leo.

Laptopu ikiwa inafanya kazi, ufunguo wa diski lazima uwe mahali fulani pa kufikiwa upesi, maana kila faili unayofungua inahitaji kurudishwa sawa papo hapo. Mahali hapo ni kwenye ram, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ukifunga kifuniko, laptopu nyingi hazizimi, zinalala. Kulala maana yake skrini imezima na feni imenyamaza, lakini ram inaendelea kupewa umeme wa betri, ndiyo maana ukifungua unakuta kazi yako palepale ulipoiacha. Na kama kazi yako iko palepale, ufunguo nao uko palepale. Diski ya laptopu iliyolala ni diski iliyokwisha kufunguliwa. Narudia, laptopu iliyolala ni laptopu iliyofunguliwa, kilichobaki kati ya mwizi na vitu vyako ni ile skrini ya kuuliza paswadi, ule uaskari wa geti tuliosema.

Sasa yule dada, ile skrini ilikuwa inamsumbua. Kila akienda kuchukua faili akarudi anaulizwa paswadi tena, akaona imezidi, akaingia kwa "Sign-in options" akaweka "Never", yaani ikiamka isiulize. Kwa hivyo mwizi wa Kericho alifungua kifuniko, na orodha ya wagonjwa ikawa hapo mbele yake, na ile faili ilikuwa bado haijafungwa. Usimbaji haukuvunjwa na mtu, ulikuwa unafanya kazi yake sawasawa, ukimrudishia faili mtu yeyote aliyekaa mbele ya kibodi.

Tulijuaje kwamba ilifunguliwa? Siku ya pili nilikaa na yeye, tukaingia kwa akaunti yake ya Google kupitia simu, tukaenda mahali panapoonyesha "Your devices". Ile laptopu ilikuwa imeorodheshwa, na wakati wa mwisho wa kutumika ulikuwa jioni ya siku ileile ya wizi, saa nyingi baada ya Kericho. Maana yake mtu aliiamsha, ikapata intaneti, na brauza ikaingia kwa barua pepe yake bila kuuliza chochote. Ingekuwa imezimwa, hiyo saa ingebaki ya asubuhi, kabla ya wizi.

Swali ambalo mzee hapa ameniuliza kabla hatujaanza: na kama ile skrini ya paswadi ingekuwepo? Mzee, hapo ni bora zaidi, bora sana, mwizi wa kawaida anakwama. Lakini ufunguo bado uko kwa ram, na kuna watu wanajua kuutoa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba ram haisahau mara umeme unapokatika, inabaki na vitu vyake sekunde kadhaa, na ukiipuliza baridi kali inakaa dakika nyingi, muda wa kutosha kuitoa na kusoma ufunguo. Si jambo la kijana wa kupora mabegi. Lakini kama laptopu yako ina siri ambayo mtu fulani anaitaka haswa, kesi, siasa, wagonjwa, basi usihesabu kwamba aliyeiiba hajui kitu.

Dawa yake ni rahisi na haigharimu shilingi. Kabla laptopu haijaingia begi, izime. Na kama hutaki kupoteza kazi uliyofungua, itumie "Hibernate", ambayo inachukua kila kitu kilichoko kwa ram, inakiandika kwa diski, ile diski iliyosimbwa, halafu inakata umeme kabisa. Ukiwasha, kazi yako inarudi, lakini baada ya diski kufunguliwa upya. Unaweza kuandika hivi kwenye Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandika amri, na ikafanya palepale:

```
shutdown /h
```

Ikikataa, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika `powercfg /hibernate on`, ujaribu tena. Halafu ingia "Power Options" ubadilishe kile kinachotokea ukifunga kifuniko, kisiwe "Sleep" kiwe "Hibernate", ili hata makanga akikuharakisha mkono wako ufanye jambo sahihi bila wewe kufikiria. Na ishara moja ya kujua mambo si sawa, weka mkono kwa begi baada ya nusu saa ya safari. Ukiikuta laptopu ina moto, hiyo haijazimwa, inalala usingizi wa kuku.

Basi, hiyo ndiyo imezimwa kabisa. Sasa lile neno lingine, imesimbwa *vizuri*.

Hapa kwetu laptopu nyingi ni zile za eksi-UK, unainunua dukani, muuzaji amekwisha kukuwekea Windows, amekufungulia akaunti ya hapohapo kwa mashine, unaenda zako. Nilimsaidia mwalimu mmoja aliyekuwa na ya namna hiyo, akaniambia fundi amemhakikishia imesimbwa, na ukiangalia kweli diski ina alama ya kufuli. Tukaandika hii:

```
manage-bde -status C:
```

Ni lazima Command Prompt uifungue kwa haki za msimamizi. Ikatoa mistari mingi, lakini miwili ndiyo ya kutazama:

```
Percentage Encrypted: 100.0%
Protection Status:    Protection Off
```

Mmeona ujanja uliopo hapo? Asilimia mia moja, lakini ulinzi uko chini. Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu Windows inaweza kuisimba diski mapema, kabla haijajua ufunguo iufungie wapi, na mpaka uingie kwa akaunti ya Microsoft ufunguo unabaki umeandikwa waziwazi kwa diski ileile. Nyumba imefungwa na ufunguo umeachwa kwa kitasa. Yule mwalimu alikaa hivyo miezi mingi akijua yuko salama. Kwa hivyo msitazame asilimia peke yake. Tafuteni "Protection On". Na kama ni mashine yenye Windows Home, ingieni "Settings", "Privacy & security", "Device encryption", mmalizie pale.

Hata ikiwa "Protection On", jiulize ni kitu gani kinafungua. Kwa laptopu nyingi ni chipu inayoitwa TPM. Chipu inatunza ufunguo, ukiwasha inaangalia kama mwanzo wa mashine haujachezewa, ikiridhika inautoa wenyewe bila kukuuliza kitu, Windows inaendelea mpaka kwa skrini ya paswadi. Diski ikitolewa na kupelekwa kwa mashine nyingine haifunguki, na hilo ni jambo kubwa, msilidharau. Lakini mwizi mwenye laptopu nzima anachohitaji ni kubonyeza kitufe cha kuwasha tu na ufunguo unaingia kwa ram. Mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha kwa video jinsi alivyousoma ufunguo ukipita kwenye nyaya kati ya chipu na prosesa, kwa laptopu moja ya zamani, akitumia kifaa kidogo cha Raspberry Pi Pico kisichofika dola kumi, na ilimchukua sekunde 43. Ilikuwa mashine ambayo chipu yake imesimama peke yake kwa ubao mkuu wa laptopu. Zile ambazo TPM iko ndani ya prosesa yenyewe, nyaya hizo hazipo.

Kwa nyinyi mnaobeba data za watu na mna Windows Pro, ongezeni PIN ya kuwasha, ili chipu isitoe ufunguo kabla hujaandika namba yako. Kwanza mnaruhusu kwa Group Policy, yaani mipangilio ya usimamizi ya Windows, kipengele kinaitwa "Require additional authentication at startup", halafu:

```
manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN
```

Ukiwasha tena utaona skrini ya bluu inakuuliza PIN kabla Windows haijaanza. Inaongeza sekunde tano kwa asubuhi yako. Windows Home haina hii, kwa hivyo huko tegemeo lako ni paswadi nzuri ya kuingia na kuzima kila mara.

Kuna kitu kingine kinaitwa ufunguo wa kurudisha, tarakimu 48. Huo unafungua diski hata bila chipu na bila PIN. Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu, mweka hazina wa chama kimoja, mama makini kabisa, vitabu vyake vimenyooka, aliambiwa atunze hizo tarakimu zisipotee, akaziandika kwa karatasi safi, akaikunja, akaiweka kwa mfuko mdogo wa begi la laptopu. Alitii alichoambiwa, hakuna aliyemwambia kwamba begi likienda vyote vinaenda pamoja. Karatasi hiyo ikae nyumbani kwa sanduku la hati za shamba, ama kwa kabati la ofisi lenye kufuli.

Lakini pia isipotee, nawasihi. Yule mwalimu wangu mwingine wa upande wa Kakamega laptopu yake ilikufa ubao, fundi akabadilisha ubao mzima, diski ikabaki ileile na nzima. Ubao mpya ni chipu mpya, chipu mpya haina ufunguo. Skrini ikaomba tarakimu 48, hana, hakuwahi kuziona. Alama za wanafunzi za mwaka mzima zilikuwa humo peke yake. Nilimtazama usoni nikamwambia mwalimu, hakuna njia. Ukuta unaomzuia mwizi haumjui mwenye nyumba. Kusimba si nakala ya akiba, wala hakukurudishii kitu, kazi yake ni kuzuia kusomwa tu. Kwa hivyo leo jioni andikeni `manage-bde -protectors -get C:` mzipate tarakimu zenu, na data iwe na nakala mahali pengine.

Na hiyo nakala, jamani, ni flashi ya namna gani? Kwa sababu yule dada wa Kericho ndani ya begi mlikuwa na flashi pia, yenye orodha ileile ya mwezi uliopita, haijasimbwa. Hata angezima laptopu, hata angekuwa na PIN, flashi ingesema yote. BitLocker inalinda diski uliyoiambia ilinde, haimfuati mmiliki kwa mfuko wake. Ile faili uliyojitumia kwa watsapu, iliyoko kwa simu, iliyochapishwa ikabaki kwa printa ya saiba, zote hizo haizijui.

Sasa ikishapotea unafanya nini? Usianze na polisi, utaenda, lakini si kwanza. Kwanza chukua simu, ingia akaunti ya Google ama Microsoft, toa ile laptopu kwa orodha ya vifaa, badilisha paswadi, kwa sababu kama ilikuwa imelala barua pepe yako iko wazi sasa hivi unaposimama kwa steji ukiulizana na makanga. Halafu mpigie mkubwa wako umwambie ukweli wa jambo moja, ulizima ama ulifunga kifuniko. Msimwaibishe mtu akisema alifunga kifuniko, maana akiogopa atasema alizima, na ofisi nzima itaamua kwa uongo huo.

Na uamuzi wenyewe ni mzito. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 43, inasema data za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru, ofisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua. Kuwajulisha wenye data wenyewe kunaweza kusihitajike kama zilikuwa na kinga ifaayo, na kusimba kumetajwa humo. Lakini kinga ya nani, kama mashine ilikuwa wazi kwa kiti cha matatu? Wale wagonjwa wa yule dada walikuwa na haki ya kuambiwa, na ninashukuru kwamba mwishowe waliambiwa, mmoja mmoja kwa simu, na yeye mwenyewe alipiga nyingi ya simu hizo.

Tena ofisi itathibitishaje kwamba ilikuwa imesimbwa, na laptopu haipo? Kwa hivyo chukueni ile taarifa ya `manage-bde -status` ya kila mashine, muihifadhi ofisini ikiwa na tarehe na namba ya mashine, na muirudie kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu kuna masasisho yanayosimamisha ulinzi kwa muda na wakati mwingine mtu anasahau kuurudisha.

Nimemaliza ya kusema. Chai iko pale nyuma, lakini kabla ya chai kila mtu afungue laptopu yake aandike ile amri ya `manage-bde -status C:`. Mama, turudi kwa yako, na hii safari wewe ndiye unaandika, mimi nasoma tu.